Jino Nene na Jino Jembamba

Gia ilikuwa na meno 28, na nilikuwa nimeichonga kwa mikono yangu. Ilikuwa ya mashine ya kukamua miwa, zile zinazosimama kando ya barabara na ndoo ya barafu pembeni. Mwenye mashine alileta gia mbili zinazovutana, zote zimekatika meno, nami nikamchongea jozi mpya. Siku ya tatu akarudi. "Fundi, inagonga," akaniambia. "Ikizunguka mara moja, inagonga mara moja."

Maneno yale yalinipa nusu ya jibu kabla sijafungua boksi la vipimo. Kama meno yote yangekuwa mabaya, gia ingelia mfululizo. Kama tundu la katikati lingetobolewa upande, mlio ungepanda na kushuka polepole kadiri gia inavyozunguka. Mgongo mmoja kwa kila mzunguko maana yake kuna mahali pamoja penye kosa. Nikazitoa gia, nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, nikapima meno moja moja kwa vernia ya meno. Gia moja ilikuwa safi. Kwenye nyingine, meno 26 yalikuwa na unene wa milimita 4.66. Moja lilikuwa na 4.78, na jirani yake aliyefuata 4.54. Jino nene likifuatwa na jino jembamba, na tofauti ni ileile, milimita 0.12, moja limezidi na jingine limepungua.

Ukiona sura hiyo, usikilaumu kisu wala chuma. Meno yote mawili yamechongwa na kisu kilekile, kwa kina kilekile. Kilichokosewa ni bonde lililo kati yao: limekatwa milimita 0.12 mbele ya mahali pake, likaliachia jino la nyuma unene na kulipunguzia la mbele. Na sababu ya bonde kukaa mahali pasipo pake ilikuwa ndani ya kifaa nilichotumia kugawanya mzunguko, kwenye jozi nyingine ya gia kabisa.

Hapa nieleze neno. Gereji zetu husema "plei" kwa kila kitu kinacholegea: usukani una plei, beringi ina plei, difu ina plei. Neno linafaa, ila linachanganya mambo mengi. Katika makala haya nitaita "mwanya" ile nafasi iliyopo kati ya meno ya gia mbili zilizoshikana, na nitaiachia "plei" maana yake pana ya ulegevu wote ambao mkono unausikia. Mwanya ni sehemu ya plei. Mafundi wengi huhangaika na meno ya gia wakati ulegevu umejificha kwingine.

Gia mbili zikishikana, jino la moja linaingia kwenye bonde la mwenzake. Kama bonde lingekuwa na upana sawasawa na jino, pande zote mbili za jino zingegusa kwa wakati mmoja. Gia zangu za miwa zilikuwa za moduli 3, kwa hiyo kutoka jino hadi jino, ukipima kwenye duara la mguso, ni milimita 9.42. Nusu yake ni 4.71. Hata hivyo nililenga jino la 4.66, kwa makusudi. Jino likiwa 4.66, bonde linabaki 4.76, na jino la mwenzake likiingia humo linapata mwanya wa milimita 0.10.

Mwanya huo si uvivu wa fundi. Mafuta au grisi yanahitaji pa kupita kati ya chuma na chuma. Gia hupata moto na kuvimba kidogo. Hakuna gia isiyo na kosa dogo la uchongaji, na kosa hilo lazima lipate pa kumezwa. Jozi isiyo na mwanya hata kidogo huzunguka kwa uzito, hupata moto, moto huivimbisha zaidi, na mwisho wake ni kukwama au kuliwa meno. Gia za nailoni ndizo zinazoadhibu haraka anayesahau jambo hili: nailoni huvimba kwa joto mara kadhaa kuliko chuma, na zaidi ya hapo hunywa maji. Jozi ya nailoni iliyofungwa imebana asubuhi ya baridi kwenye boksi la chuma inaweza kushindwa kuzunguka mchana.

Sasa rudi kwenye gia ya miwa. Bonde la mwenzake lilikuwa 4.76, na jino langu nene 4.78. Jino haliingii kwenye bonde dogo kuliko lenyewe bila kusukuma. Ndiyo maana ilikuwa inagonga.

Kifaa nilichotumia kinaitwa kichwa cha kugawia. Kinafungwa juu ya meza ya mashine ya milingi, kinashika gia inayochongwa, na kazi yake ni kuizungusha kwa hatua zilizo sawa. Ndani yake kuna gurudumu la meno 40 linaloendeshwa na parafujo. Ukizungusha mkono wa parafujo mara 40, kazi inazunguka mara moja. Kwa meno 28 unagawanya 40 kwa 28, unapata mzunguko mmoja na sehemu tatu za saba. Ili kuipata ile sehemu, mkono una pini inayoingia kwenye sahani yenye duara za matundu. Nilichagua duara la matundu 21, kwa sababu tatu za saba za 21 ni 9. Basi kwa kila jino: mzunguko mmoja kamili, kisha nafasi 9. Hesabu nafasi, si matundu. Anayehesabu tundu alilosimama kuwa la kwanza hupungukiwa nafasi moja na kuharibu chuma chote.

Mahesabu yangu yalikuwa sahihi. Kosa lilitokea mkononi. Kwenye bonde mojawapo nilipita tundu la tisa, pini ikaingia la kumi, nikagundua papo hapo nikarudisha mkono nyuma tundu moja. Pini ikaingia mahali pake kabisa. Nikakata.

Tazama kilichotokea ndani. Nilipokuwa naenda mbele, parafujo ilikuwa inasukuma meno ya gurudumu kwa upande mmoja, na mwanya wote ulikuwa upande wa pili. Nilipogeuza mkono, parafujo iliacha upande ule na kuanza kuvuka mwanya. Wakati inavuka, mkono unatembea lakini gurudumu limesimama. Ikafika upande wa pili, ikaligusa jino, ndipo gurudumu likaanza kurudi. Pini ilipoingia kwenye tundu sahihi, mkono ulikuwa umerudi nafasi nzima, ila gurudumu lilikuwa limerudi pungufu, kwa kiasi cha ule mwanya. Kazi ikabaki mbele kidogo ya mahali pake, na kisu hakina habari. Kwenye hatua iliyofuata nilienda mbele kama kawaida, parafujo ikavuka mwanya tena na kusukuma upande uleule wa awali, na mabonde yote yaliyobaki yakaangukia mahali sahihi. Ndiyo maana bonde moja tu lilikosewa.

Katika suala zima la mwanya na usahihi wa mahali, hili ndilo la kushika kwanza. Mwanya hauleti kosa mradi unafika kila mahali ukitokea upande uleule, na hakuna nguvu inayousukuma mzigo ukavuka mwanya wenyewe. Unaweza kuwa na kichwa cha kugawia kilichochakaa na ukachonga gia nzuri kwa mwelekeo mmoja. Kosa linazaliwa pale unapogeuza. Ukipita tundu, rudi nyuma sana, nusu mzunguko wa mkono au zaidi, uvuke mwanya wote, kisha uje tena mbele hadi tundu lako. Sekunde tano hizo zingeniokolea gia nzima.

Baada ya kumwomba radhi mwenye mashine na kumwahidi nyingine, nilikipima kile kichwa. Niliamua kujua ulegevu ni kiasi gani na unatoka wapi, badala ya kuufungafunga kwa kubahatisha.

Kipimo chenyewe hakihitaji vifaa vya ajabu. Nililegeza breki ya kichwa ili kazi iwe huru kuzunguka, nikatia pini kwenye tundu ili parafujo isiweze kuzunguka. Nikashika upau ulionyooka kwenye chaki ya kichwa, ukatokeza pembeni kama mkono wa saa. Dayo geji, ile saa yenye mshale inayosoma mia ya milimita, niliisimamisha kwa kishikio cha sumaku, ncha yake ikigusa upau milimita 100 kutoka katikati, ikiwa wima juu ya upau. Umbali huo upime vizuri, kwa maana hesabu yote inautegemea. Kisha nikausukuma upau kwa kidole upande mmoja mpaka meno yakagusa, nikaweka mshale kwenye sifuri, nikausukuma upande wa pili. Mshale ukasimama kwenye 0.30.

Kidole, si mkono mzima. Ukisukuma kwa nguvu, upau unapinda, shafti inajipinda, na dayo geji inasoma vyote kana kwamba ni ulegevu. Njia ya kutofautisha ni kusikiliza mshale. Ndani ya mwanya unaruka kwa urahisi, kisha unagota. Ukiendelea kupanda polepole kadiri unavyoongeza nguvu, hapo unapima kupinda kwa chuma.

Milimita 0.30 katika milimita 100 ni sawa na 0.003 kwa kila milimita moja ya umbali kutoka katikati. Gia yangu ya moduli 3 yenye meno 28 ina kipenyo cha mguso cha milimita 84, yaani katikati hadi mguso ni 42. Zidisha 42 kwa 0.003 unapata 0.126. Vernia yangu ilikuwa imesoma 0.12, nayo husoma kwa hatua za 0.02. Kosa lililo kwenye jino na ulegevu ulio ndani ya kifaa vilikuwa kitu kimoja.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini ulegevu wa pembe ni lazima usemwe pamoja na umbali. Kichwa hichohicho kingechonga gia ndogo yenye kipenyo cha milimita 20 kwa kosa la 0.03 tu. Kwenye sahani ya kipenyo cha milimita 400, tundu lingekosea milimita 0.60, na bolti ingekataa kuingia.

Swali lililobaki ni lile la chanzo. Niliweka dayo geji ya pili kwenye ncha ya parafujo, ikielekea kwenye urefu wake, nikausukuma upau tena. Ncha ya parafujo ikatembea milimita 0.08 kwenda na kurudi. Parafujo ilikuwa haizunguki, lakini ilikuwa inateleza kwenye beringi zake. Gurudumu la ndani lina kipenyo cha mguso cha milimita 100, kwa hiyo parafujo inaligusa milimita 50 kutoka katikati. Mtelezo wa 0.08 pale unakuwa 0.16 kwenye umbali wa 100 nilipoweka dayo geji ya kwanza. Zaidi ya nusu ya plei yote haikuwa na uhusiano wowote na meno. Ningekaza meno peke yake ningelibana gurudumu hadi likwame, na ule ulegevu wa 0.16 ungebaki palepale.

Nati ya nyuma ya parafujo ilikuwa imelegea. Niliikaza hadi mteleezo ukaisha na mkono bado unazunguka bila kukaba. Plei ikashuka hadi 0.14. Hii sasa ndiyo ilikuwa mwanya wa meno.

Mwanya unakua kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni meno kuliwa. Ya pili ni vituo vya gia kuachana, kwa beringi kuchakaa au boksi kutobolewa vibaya. Kwa gia za kawaida zenye meno yaliyonyooka na pembe ya mguso ya nyuzi 20, kila vituo vikiachana milimita 0.10 mwanya unaongezeka karibu 0.07. Ndiyo maana giaboksi yenye beringi mbovu huonekana kama imeliwa meno, na baada ya kubadilisha beringi peke yake inatulia. Kwa parafujo na gurudumu, uhusiano huo unatumika kwa faida: vichwa vingi vya kugawia vina parafujo iliyofungwa ndani ya kikombe kisicho na tundu la katikati sawasawa. Ukikizungusha kikombe, parafujo inasogea karibu na gurudumu na mwanya unapungua.

Nilikizungusha hadi dayo geji ikasoma 0.02. Nikafurahi mapema. Nilipozungusha mkono nikaona sehemu fulani ya mzunguko inakuwa nzito kama imetiwa gundi. Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikapima mwanya mahali 8 kuzunguka gurudumu, si pamoja. Upande niliokuwa nimepima ndio uliokuwa umeliwa zaidi, maana kazi nyingi za karakana huanzia kwenye alama ya sifuri na nyingine huishia robo tu ya mzunguko. Upande wa pili ulikuwa karibu mpya, na ulikuwa tayari umebana. Kikombe hakina uwezo wa kulisawazisha gurudumu lililoliwa upande. Unachoweza ni kurekebisha kwa kufuata mahali palipobana zaidi, uache mwanya mdogo hapo, na ukubali ulegevu kwingine. Nilimaliza nikiwa na 0.02 mahali pembamba na 0.06 mahali palipoliwa. Kwa gia ya milimita 84, hiyo 0.06 ni kosa la milimita 0.025 pale tu mtu atakapogeuza vibaya. Dawa iliyobaki ni gurudumu jipya.

Watu wanaotumia mashine za kompyuta huniambia kwamba wao wamevuka shida hii, kwa kuwa programu ina mahali pa kuandika kiasi cha mwanya na kila inapogeuza inaongeza mwendo huo yenyewe. Ni msaada wa kweli, nami ningeutumia. Lakini programu inajua namba moja, na gurudumu kama langu lina 0.02 upande huu na 0.06 upande ule. Tena programu haiwezi kuushika mzigo. Kisu kinapouma chuma kinausukuma na kuuvuta, na kazi inarukaruka ndani ya mwanya ikiacha alama za mawimbi, hata kama mota imesimama mahali sahihi kabisa. Ndiyo sababu kichwa cha kugawia kina breki: ukishafika mahali, kaza breki, ndipo ukate.

Na pale kipimo cha mwendo kinapokuwa kwenye mota, kompyuta haioni mwanya hata kidogo. Inaamini mzigo umefika kwa sababu mota imefika. Ukikihamishia kwenye mzigo wenyewe, kompyuta inaona kosa na kulisahihisha, lakini ikivuka mwanya inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, na mashine inatetemeka bila kutulia. Hapo dawa ya msingi ni kuupunguza mwanya wenyewe kwa mkono.

Wapo waliouzunguka mwanya bila kuuondoa. Watazama nyota wanaotumia darubini zinazofuata mzunguko wa anga huendesha darubini kwa parafujo na gurudumu, kama kichwa changu. Darubini ikisawazishwa kikamilifu, upepo mdogo unaitosa upande huu na ule wa mwanya na picha ya nyota inachafuka. Basi huacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo kwa makusudi. Uzito huo hulisukuma gurudumu muda wote likae kwenye upande mmoja wa parafujo. Mwanya upo palepale, ila hauvukwi. Gia zilizopasuliwa vipande viwili na kutenganishwa na springi hufanya kazi hiyohiyo: nusu moja inasukuma upande wa kulia wa bonde na nusu ya pili upande wa kushoto, ingawa zinalipia kwa msuguano zaidi na haziwezi kubeba mzigo unaoishinda springi.

Msomaji anayetaka kununua au kutengeneza mtambo wenye jozi kadhaa za gia azingatie pia jozi ipi aigharimie. Mwanya ulio mwanzoni, karibu na mota, hugawanywa na uwiano wa gia zinazofuata. Kama mkono wa kichwa changu ungeendeshwa na gia nyingine mbili zenye plei ya nyuzi 2, plei hiyo ingefika kwenye kazi ikiwa imegawanywa kwa 40, yaani sehemu moja ya ishirini ya nyuzi. Mwanya wa jozi ya mwisho haugawanywi na chochote. Fedha na uangalifu viende huko.

Gia ya pili ya miwa niliichonga wiki ileile, kwa duara lilelile la matundu 21, nikienda mbele tu na kukaza breki kabla ya kila mkato. Meno yote 28 yalisoma kati ya 4.64 na 4.66. Tangu siku hiyo, kila kichwa cha kugawia ninachokitumia nakipima kwa dayo geji mahali 8 kabla ya kazi ya kwanza, na namba naziandika kwa kalamu ya chuma pembeni mwa kifaa chenyewe. Fundi mwenzangu, fanya hivyo kwa kifaa chako. Ni kazi ya dakika ishirini.